Gari la kijana, bima kwa jina la baba: kwa nini kampuni za Uingereza hukataa kulipa

Mwezi uliopita, baada ya kipindi cha jioni, mama mmoja msikilizaji wetu wa Muheza alinitumia ujumbe wa sauti kwenye Watsapu. Ulikuwa mrefu, dakika saba, na nusu yake alikuwa akihangaika. Mdogo wake anaishi Leicester, Uingereza, na ameliomba kundi la ukoo limchangie. Mwanawe amegonga gari, bima imekataa kulipa, na sasa anadaiwa. "Mwanangu," akaniambia, "bima alilipa. Risiti ninayo kwenye simu, alinitumia. Sasa inakataaje? Na sisi tuuze ng'ombe kwa sababu gani?"

Nilimwomba anitumie picha ya ile barua ya kampuni, nikaisoma mara mbili, kisha nikampigia mdogo wake. Nilichokiona nakiandika hapa, maana si yeye peke yake. Wasikilizaji wetu wengi wana ndugu kule, na nimeshasikia zaidi ya mara moja kijana akishauriwa na watu wa nyumbani hapa hapa: "Mwambie baba yako akate bima kwa jina lake, itakuwa rahisi." Ushauri huo hutoka moyoni mwa mtu anayepima mambo kwa bima ya Tanzania.

Tuanze na tofauti hiyo, kwa sababu ndipo kosa linapozaliwa. Hapa kwetu bima huambatana zaidi na gari. Ukikata bima kubwa ya gari dogo la binafsi, kiasi unacholipa hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ukikata bima ndogo, ile ya kumlinda mtu utakayemdhuru barabarani, huangaliwa ni gari la aina gani na linafanya kazi gani. Jirani akija usiku na mgonjwa, ukampa ufunguo wa Noah yako, unachomuuliza ni kama ana leseni. Humpigii mtu wa bima kumtajia umri wake.

Uingereza ni kinyume. Pale bima inamtazama kwanza mtu anayekaa nyuma ya usukani: ana umri gani, alipata leseni lini, amewahi kugonga, anakaa mtaa gani, gari linalala wapi, na kwa mwaka ataendesha maili ngapi. Gari lile lile, nyumba ile ile, baba wa miaka 50 anaweza kutajiwa bei moja na mwanawe wa miaka 19 akatajiwa bei mara mbili au tatu ya hiyo.

Hawamwonei kijana. Mtu huruhusiwa kuendesha gari kule akifikisha miaka 17, na madereva wapya ndio wanaogonga zaidi kwa kila safari wanayofanya. Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: sheria ya Uingereza inaitaka bima ilipe fidia ya majeraha ya mtu mwingine bila kikomo. Kijana akimgonga mtu akapooza, kampuni inaweza kulipia matunzo yake maisha yote, na bili ikafika mamilioni ya pauni. Kampuni inapompangia kijana bei, inawaza ajali kama hiyo, si taa iliyovunjika.

Sasa ile fomu. Mtu anapoomba bima kwenye simu au kompyuta hukuta maneno mawili ambayo lazima ayaelewe. La kwanza ni `main driver`, yaani dereva mkuu: yule anayeliendesha gari hilo kuliko wengine. La pili ni `named driver`, yaani dereva aliyeongezwa: anatajwa kwenye mkataba, anaruhusiwa kuendesha, lakini si yeye anayelitumia zaidi. Fomu huuliza pia nani mwenye gari na jina la nani limeandikwa kwenye kitabu cha usajili. Hayo ni maswali mengine. Dereva mkuu si lazima awe aliyelinunua gari wala aliyelipa bima. Ni yule anayeliendesha zaidi, basi.

Pale ndipo ndugu yetu wa Leicester alipoteleza. Alimnunulia mwanawe gari dogo la pauni 4,200. Kijana alikuwa amefaulu mtihani wa udereva miezi mitatu nyuma na alikuwa anaanza chuo Nottingham, mwendo wa kilomita 40 na kitu. Wakajaza fomu kwa jina la kijana, ikaja pauni 2,350 kwa mwaka. Baba akashtuka. Rafiki mmoja kazini akamwambia ajiweke yeye kuwa dereva mkuu na kijana awe wa kuongezwa. Akajaza upya, ikaja pauni 940. Akalipa, akashukuru Mungu, akatuma risiti Muheza.

Jambo hilo kule lina jina, huitwa frontingi. Maana yake mtu anatangulizwa mbele ya mwingine kama ngao: mzazi anatajwa kuwa dereva mkuu wa gari ambalo kwa kweli ni la kijana, ili bei ishuke. Na wengi wanaolifanya hawajioni kama wahalifu. Baba yule aliniambia, "Mimi niliona jina la kijana limo kwenye mkataba, kwa hiyo sikuficha kitu." Ni kweli jina lilikuwemo, lakini kilichofichwa ni nani anayeendesha kila siku, na bei yote ilitokana na jibu la swali hilo.

Kwa miezi mitano hakuna aliyegundua. Kampuni haitumi mtu kukaa getini kuangalia nani anatoka na gari. Bima ilipita kila mahali, gari likaonekana kwenye rejista kwamba lina bima, na hata polisi wangelisimamisha wangekuta kila kitu sawa. Ndiyo maana watu huona mbinu hii inafanya kazi. Inafanya kazi mpaka siku ya kudai.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Kijana akitoka chuoni saa tatu usiku akaligonga kwa nyuma gari lililosimama kwenye taa. Hakuna aliyekufa, Mungu mkubwa. Gari lake liliharibika kiasi cha kutotengenezeka, na gari la mbele lilihitaji matengenezo ya pauni 3,100. Dereva wa gari hilo akalalamika shingo inauma.

Baba akapiga simu ya madai. Siku chache baadaye mkaguzi wa kampuni akampigia, akiwa na sauti ya upole kabisa. Nilimwomba baba anikumbushe maswali, na ukiyasikiliza moja moja hayana mtego. Wewe huendaje kazini? Akajibu, kwa basi, kwa sababu hospitali anakofua nguo iko karibu na kituo. Gari lilikuwa linalala wapi siku za katikati ya wiki? Nottingham, kwa kijana. Mara ya mwisho wewe kuliendesha ni lini? Hapo akasita. Mafuta anaweka nani? Kijana. Kuna kibali cha maegesho? Kipo, cha hosteli ya chuo, kwa jina la kijana.

Hakusema uongo hata kwenye jibu moja la simu ile. Na kwa majibu hayo ya kweli, jibu la kwenye fomu likaanguka lenyewe. Kwenye fomu alikuwa ameandika pia kwamba gari linalala Leicester. Wakaguzi hawa hawahitaji upelelezi mkubwa. Ajali yenyewe huwaambia. Gari la baba limegongwa wapi, saa ngapi, anaendesha nani, anatoka wapi kwenda wapi? Zikijirudia dalili kwamba ni maisha ya kijana yanayoonekana na si ya baba, wanaanza kuuliza. Wengine hutazama hata picha kijana alizoweka mtandaoni akiwa ameegemea gari, na maneno "gari langu la kwanza".

Barua ikaja baada ya wiki tatu: mkataba umefutwa tangu siku ya kwanza, gari halitalipwa, na zile pauni 940 hazirudi.

Hapa naomba msikilizaji uende nami polepole, kwa sababu si kila kosa kwenye fomu humfikisha mtu huko. Tangu Aprili 2013 Uingereza inatumia sheria ya mwaka 2012 inayohusu taarifa ambazo mteja wa kawaida anaipa kampuni ya bima. Sheria hiyo inamtaka mteja awe mwangalifu, asitoe taarifa zisizo sahihi. Akikosea, inauliza amekosea kwa namna gani, na inatenganisha makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la uzembe. Mtu hakusoma vizuri, au alikadiria vibaya, lakini hakukusudia. Hapo kampuni hutazama ingefanya nini kama ingeambiwa ukweli. Kama ingekubali kumpa bima ila kwa bei kubwa zaidi, basi inalipa dai kwa uwiano wa kile kilicholipwa. Tuchukue hesabu za ndugu yetu. Alilipa 940 ilhali bei ya haki ilikuwa 2,350. Hiyo ni asilimia 40. Gari la pauni 4,200 lingelipwa pauni 1,680, ukiacha kile kiasi cha kwanza ambacho kila mteja hukibeba mwenyewe. Ni hasara, lakini ni kitu mkononi. Na kama kampuni isingemkubali kabisa kijana yule kwa bei yoyote, inaweza kufuta mkataba, ila lazima irudishe ada aliyolipa.

Kosa la pili ni la makusudi, au la kutojali kama jibu ni kweli au si kweli. Hapo kampuni inaweza kuuchukulia mkataba kana kwamba haukuwahi kuwepo, ikakataa madai yote, na kwa kawaida ikabaki na ada. Ndicho kilichompata.

Ni kazi ya kampuni kuonyesha kwamba ulikusudia. Lakini sheria inaanza na dhana kwamba mteja ana ufahamu wa mtu wa kawaida, na kwamba akiulizwa swali lililo wazi, anajua jibu lake lina uzito kwa kampuni. Kwa hiyo "sikujua" haina nguvu kubwa kama swali lilisomeka vizuri. Na kwa ndugu yetu kulikuwa na kitu kibaya zaidi: ile fomu ya kwanza. Alikuwa ameshajaza kweli, akaiona bei ya kweli, kisha akabadilisha jibu moja. Fomu za mtandaoni huacha kumbukumbu, na kubadilisha jibu hilo moja mpaka bei ishuke ni vigumu kukuita uzembe.

Mama wa Muheza aliniuliza swali ambalo ni zuri: na yule mwenye shingo inayouma, naye ameachwa hivyo hivyo? Hapana. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1988 inamlinda mtu wa nje. Kampuni iliyoandika bima ile inabaki na wajibu wa kumlipa yule aliyegongwa, hata kama imemfutia mteja wake mkataba. Lakini ikishalipa, inaweza kuwageukia baba na mwanawe na kudai irudishiwe fedha zake. Deni linalozungumzwa kwenye kundi la ukoo ni hilo. Zile pauni 3,100 ndizo za mwanzo, na za shingo bado hazijahesabiwa. Nimemwambia mama ukweli huo, kwamba wakichanga leo wasidhani wamemaliza.

Kuna mtego mwingine ambao unamngoja kijana zaidi ya baba. Bima ikishafutwa, jina linatoka kwenye rejista, na kamera za polisi barabarani husoma namba za magari na kulinganisha na rejista hiyo. Akishika usukani wa gari lolote ambalo halina bima inayomhusu, hata kwa safari ya dukani, ni kosa. Adhabu ya papo kwa papo ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na kosa hilo huandikwa kwa alama `IN10`. Kwa dereva mzoefu pointi 6 zinauma. Kwa dereva ambaye hajamaliza miaka miwili tangu afaulu mtihani wake wa kwanza, pointi 6 maana yake leseni inafutwa, anarudi kuwa mwanafunzi wa udereva na kufanya mitihani upya. Ikiwa kesi itapelekwa mahakamani, faini haina ukomo na anaweza kufungiwa kuendesha.

Na baba? Kila fomu ya bima atakayojaza huko mbele, hata ya nyumba, ina uwezekano wa kumuuliza: umewahi kufutiwa bima? Lazima ajibu ndiyo. Kampuni nyingi zitamkataa na chache zitamkubali kwa bei ya juu. Kusema uongo ili kupata bima ni kosa chini ya ile sheria ya barabara, na kuna sheria ya udanganyifu ya mwaka 2006 ambayo inaweza kutumika pia. Si kila kesi hufika mahakamani. Nyingi huishia kwenye kukataliwa dai. Lakini kwa ndugu zetu ambao bado wanaomba uraia kule, hukumu ya udanganyifu ni kitu kinachoulizwa kwenye maombi, na si cha kuchezea kwa ajili ya nafuu ya pauni elfu moja na mia nne.

Sasa usije ukatoka hapa ukidhani kila kijana aliye kwenye bima ya mzazi ni mdanganyifu. Baba akiwa na gari lake, analiendesha kwenda kazini na sokoni, na kijana akirudi likizo analichukua mara moja moja, basi baba ni dereva mkuu kweli na kijana ni wa kuongezwa kweli. Hakuna kosa. Kipimo ni wiki ya kawaida: kaa chini uhesabu, siku saba, nani ameshika usukani mara nyingi na maili nyingi? Wakiwa wanagawana karibu sawa, waipigie kampuni, waieleze hivyo, na waandike jina la waliyezungumza naye na tarehe.

Pia hali hubadilika. Gari linaweza kuanza kuwa la baba kwa haki kabisa, kisha Septemba kijana anaenda nalo chuo. Mikataba mingi inataka mabadiliko kama hayo yaripotiwe katikati ya mwaka, na wakati wa kuhuisha bima maswali yanarudi upya. Anayebonyeza tu "endelea" bila kusoma, anajibu upya kwa maneno ya mwaka jana.

Na bei ya kijana inaweza kushushwa bila kumtanguliza mtu. Njia moja inawashangaza watu kwa sababu ni ile ile ya kwanza ikiwa imegeuzwa: kijana anakuwa dereva mkuu, na mzazi mwenye rekodi safi anaongezwa kama dereva wa pili, mradi kweli ataliendesha mara kwa mara. Mara nyingi bei hushuka. Nyingine ni kifaa kidogo kinachofungwa garini, au programu ya simu, kinachopima mwendo, breki na saa za kuendesha. Kijana anayeendesha taratibu hulipa pungufu. Kuhusu gari lenyewe, kule magari yamepangwa kwenye makundi ya bima kuanzia 1 hadi 50, na la kundi la chini huwa nafuu. Gari la ndugu yetu lilikuwa kundi la katikati. Alilichagua kwa sababu ya rangi, alinikiri mwenyewe, tukacheka kidogo.

Faida moja zaidi ya kijana kuwa na mkataba wake: kila mwaka akikaa bila kudai, anajijengea punguzo lake. Akiwa dereva wa kuongezwa kwenye mkataba wa baba, kwa kawaida punguzo hilo linakwenda kwa baba. Baada ya miaka mitatu ya kujificha nyuma ya baba, bado anaanza sifuri.

Kwa ndugu yetu, njia iliyobaki ni hii. Kwanza aiandikie kampuni malalamiko rasmi na kuomba nakala za fomu zote mbili na rekodi ya simu. Kampuni ina wiki nane kutoa jibu lake la mwisho. Asiporidhika, ana miezi sita tangu tarehe ya jibu hilo kulipeleka suala kwa msuluhishi wa malalamiko ya fedha, ambaye kwenye mtandao anapatikana kwa jina `Financial Ombudsman Service`. Mteja halipi chochote. Msuluhishi hutazama swali liliulizwaje, jibu lilikuwa nini, na kampuni ingefanya nini tofauti ikiambiwa ukweli. Swali likiwa la kutatanisha, mteja hupata nafuu.

Nilimwambia nionavyo mimi: kwa ile fomu ya kwanza aliyoibadilisha, sioni akilipwa gari. Lakini deni la yule mwingine analoletewa, asilipe jumla kwa hofu. Aombe hesabu yake kwa maandishi, na kama hawezi, aombe kulipa kidogo kidogo.

Jumapili mama aliniandikia tena. Ukoo umekaa. Ng'ombe haijauzwa, wamekubaliana wangoje ile hesabu kwanza. Kijana anakwenda chuo kwa treni.